"Bei Iko Juu, Tena Ni Mbali": Umwandikie Nini Mnunuzi Aliyenyamaza

Mudogo wangu mmoja, binti aliye komisionere wa nyumba hapa Lubumbashi, ameniletea shida yake. Jumamosi alimpeleka baba mmoja na mke wake kuona nyumba ya vyumba vitatu upande wa Kasapa, kupita chuo kikuu. Mwenye nyumba anataka dola 48,000. Wageni walizunguka lupango lote, wakafungua mabomba, wakatazama dari, wakashukuru. Kwenye gari, wakati wa kurudi, baba akasema: "Bei iko juu, tena ni mbali. Nimeona nyingine ya 40,000 barabara ileile." Tangu hapo kimya. Sasa binti anauliza: "Yaya, nimwandikie nini bila kumchosha?" Akaniwekea na ujumbe aliokwisha kuutunga:

"Jambo Papa. Ile nyumba bado iko. Wateja wengi wanaitaka, kesho wawili wanakuja kuiona. Bei ni nzuri sana kwa Kasapa ya leo, na kule si mbali tena, mji unakua. Mnijibu haraka."

Mudogo, usiutume huo. Na ninyi wengine mnaofanya kazi hii, sikilizeni, maana ninaujua ujumbe huu, umeingia katika simu ya kila mtu aliyewahi kutafuta nyumba katika mji huu.

Baba alikaa kwenye kiti cha gari, akahesabu mashimo ya barabara kwa mgongo wake mwenyewe, halafu wewe unamwambia si mbali. Umembishia kitu alichokiona kwa macho. Hao wateja wawili, kama wako kweli, wataje. Kama hawako, jua kwamba nyumba hiyohiyo iko mikononi mwa makomisionere wengine wanne au watano, na baba anaweza kumpigia mmoja wao jioni hii akasikia kwamba hakuna aliyekwenda kuiona mwezi mzima. Hapo umepoteza hata ile nyumba nyingine ambayo ungemwonyesha baadaye.

Kuna jambo lingine ambalo vijana wa kazi hii hulisahau. Ujumbe wako hausomwi na mtu mmoja. Baba ataupeleka kwa kaka yake mkubwa, mama ataupeleka kwa dada yake, na kama kuna shemeji Ulaya anayechangia makuta, naye atatumiwa. Watu hao hawakufika Kasapa. Hawakuona ukuta wala maji. Nyumba yote, kwao, ni yale maneno yako. Ndiyo maana ninakushauri salamu uzitume kwa sauti ukipenda, kwa kuwa sauti ina heshima yake, lakini namba zote uziandike. Sauti ya dakika tatu hakuna shemeji atakayeisikiliza hadi mwisho, na hakuna atakayekumbuka kama ulisema 48 au 45.

Jioni ileile ya ziara tuma mistari miwili tu: aksanti kwa kufika, nimesikia mambo yenu mawili, nitayafuatilia nitawajibu kabla ya Jumanne. Basi. Jumapili familia itazungumza, na mazungumzo hayo yatakuwa yanakungoja badala ya kukufungia mlango. Halafu Jumatatu ufanye kazi, maana ujumbe wa pili hauandikwi ukiwa umekaa.

Tuanze na bei. Mtu akisema bei iko juu anaweza kuwa anasema mambo tofauti kabisa. Pengine hana makuta hayo, na hapo hakuna ujumbe utakaoyaumba. Mtafutie nyumba nyingine. Pengine anajadiliana tu, kama mtu yeyote mwenye akili. Pengine anaogopa karatasi na anaona aibu kusema. Lakini baba huyu amekupa ufunguo mwenyewe: ameona nyingine ya 40,000. Yeye analinganisha. Basi usimtetee mwenye nyumba kwa kusema "ndiyo bei ya Kasapa". Chukua zile nyumba mbili, uziweke pamoja, uhesabu.

Binti ananiambia ile nyumba ya 40,000 anaijua. Vyumba ni vitatu pia. Haina ukuta, ina ua wa miti tu. Maji wanachota kwa jirani. Hii ya 48,000 ina ukuta pande zote na foraji yenye pampu na tanki. Kwa hiyo nilimwambia aende kwa mchimbaji mmoja na fundi mmoja, aombe proforma zilizoandikwa, kwa kipimo cha lile lupango jingine. Alirudi na hizi: foraji, pampu na tanki 3,200, ukuta na lango 2,600. Jumla 5,800. Zisichukuliwe kuwa bei za mji mzima. Ni za watu hao wawili, kwa kiwanja hicho kimoja, na mchimbaji mwingine kwenye mwamba mwingine atakwambia namba nyingine.

Sasa tazama kilichotokea. Tofauti ya nyumba hizo mbili ni 8,000. Kati yake, 5,800 ni vitu ambavyo baba angevilipa mwenyewe akinunua ile ya rahisi, tena kwa taabu ya kusimamia mafundi. Zinabaki 2,200. Hizo 2,200 ndizo ugomvi wenyewe. Mwanzoni mlikuwa na "bei iko juu", neno lisilo na mpaka. Sasa mna kiasi ambacho watu wazima wanaweza kukaa wakazungumza. Wala usijaribu kuzificha hizo 2,200 kwa kuongeza thamani ya miembe na rangi mpya ya sebule. Baba anajua kuhesabu. Ukimwachia tofauti hiyo wazi, ataamini zile 5,800.

Karatasi nazo zina uzito, lakini hizo usiziwekee dola. Hapa kwetu ardhi ni ya Serikali. Ndivyo inavyosema sheria ya 20 Julai 1973, iliyorekebishwa 1980. Anachouza mwenye nyumba ni jengo na haki yake ya kukaa juu ya ardhi, na haki hiyo, kwa kifungu cha 219 cha sheria hiyo, inathibitishwa na kitu kimoja tu: sertifika ya usajili inayotolewa na konservateri wa hati za ardhi. Karatasi ya komini si sertifika. Hata ikiwa na mihuri mitatu na picha ya mwenye nyumba, ni hatua ya njiani. Nyumba ya 48,000 ina sertifika ya 2014 kwa jina la muuzaji mwenyewe. Ile ya 40,000 ina karatasi ya komini. Kutoka komini hadi sertifika kuna kupima kwa kadastra, kuna mkataba, kuna kulipa, na kuna hatari ya kugundua katikati ya safari kwamba lupango hilo lilikwisha pewa mtu mwingine. Gharama unaweza kuikisia; hatari huwezi. Kwa hiyo iandike kama ilivyo, bila namba.

Mwaka wa sertifika nao uutaje. Kwa kanuni ya kifungu cha 227, miaka miwili ikipita tangu itolewe, mtu anayejitokeza na madai hadai tena kurudishiwa lupango, anabaki kudai fidia. Sertifika ya 2014 imetulia. Ya mwezi uliopita bado ina joto, na mnunuzi ana haki ya kuuliza ilitokea wapi. Lakini wewe si konservateri, wala si wakili. Usimwambie baba "karatasi ziko safi". Mwambie ina namba gani ya volume na folio, na kwamba uko tayari kwenda naye kwenye ofisi ya konservateri mkaisome kwenye vitabu vyao. Na picha ya sertifika nzima usiitupe kwenye WhatsApp. Wako watu wanaozikusanya.

Haya, umbali. Hapa ndipo ninapowaona makomisionere wengi wakianza kuimba: mji unakua, barabara itatengenezwa, mwaka kesho kutakuwa na soko. Mudogo, hukuchaguliwa kuwa gavana. Barabara ya kesho usiiuze leo. Umbali huwezi kuupunguza. Unaweza kuupima tu, na kazi hiyo hakuna anayeifanya, ndiyo maana ukiifanya utakumbukwa.

Amka Jumatatu, siyo Jumapili ambapo barabara ni tupu. Simama mbele ya lango la nyumba ile 6:30 asubuhi, panda bisi kama atakavyopanda yeye au watoto wake, ubadilishe pale wanapobadilisha, ushuke Posta, utazame saa. Binti alifika 7:20, kwa bisi mbili. Andika hivyo. Wala usiandike muda wa gari lako la ziara la Jumamosi mchana, huo ni uongo wenye kalamu nzuri.

Nauli nayo umfanyie hesabu hadi mwisho, hata kama inakuumiza. Tuseme kwa familia yake, watu watatu wanaoshuka mjini kila siku ya kazi na ya masomo, usafiri unaongezeka dola 60 kwa mwezi kuliko wanapokaa sasa. Ni 720 kwa mwaka, 3,600 kwa miaka mitano. Ukiiweka hesabu hiyo wewe mwenyewe, baba ataona kwamba unahesabu pande zote mbili. Kisha ataweza kuilinganisha na kodi anayolipa leo, au na kile ambacho nyumba ya namna hiyo ingemgharimu Bel-Air au Makutano. Huo ulinganisho ni wake. Wengine watachagua chumba kimoja pungufu wakae karibu, na hawakosei.

Kuna umbali wa aina nyingine ambao wanunuzi hawausemi vizuri, lakini ndio unaowalaza macho. Ni maji, kuran na matope. Mvua zetu zinaanza karibu na Novemba zinakwisha Aprili. Nyumba iliyoonwa Agosti imeonwa na vumbi. Njia yake ya Februari hakuna anayeijua ila majirani. Nenda ukawaulize, na umwulize anayeuza makala kando ya barabara kuliko kumwuliza mwenye nyumba. Maji ni kinyume chake: kisima au foraji iliyoonwa Machi inadanganya, kwa kuwa chini kumejaa. Mwezi wa kuijaribu ni Oktoba, kiangazi kinapokwisha na maji yameshuka kabisa. Uliza: Oktoba iliyopita pampu ilivuta mchanga? Mlikwenda kuchota kwingine? Na kuran usiijaribu mchana. Nenda jioni, kila mtu anapopika, uone kama taa zimekuwa rangi ya chungwa. Nyumba inaweza kuwa na waya wa SNEL na mita, na bado jioni friji isiwake, kwa sababu kabini imebebeshwa mtaa mzima.

Na akiuliza habari za moshi na udongo, usicheke. Mtambo wa kuyeyusha shaba ulianza kazi hapa 1911, na upepo wetu mwingi hutoka kusini-mashariki, kwa hiyo vumbi lake kwa miaka mingi liliangukia kaskazini-magharibi ya lile dohani. Ndiyo sababu ukifika Penga Penga unaona mahali ambapo hata majani hayaoti vizuri. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi wameandika mengi kuhusu madini katika udongo wa upande huo, na utafiti mmoja wa 2009, walioufanya pamoja na wenzao wa Ubelgiji, ulikuta kobalti nyingi katika mkojo wa watu wanaokaa karibu na migodi na mitambo ya Katanga. Mama anayepanga kulima lengalenga nyuma ya nyumba anauliza swali la maana. Mwambie nyumba iko upande gani wa dohani na umbali gani, na kwamba kitivo cha kilimo ndicho kilichozoea kuupima udongo wa mji huu. Ukisema "hakuna shida kabisa", umejibu kitu usichokipima.

Kabla hujatuma chochote, mpigie mwenye nyumba. Yeye ndiye aliyekupa kazi. Mwulize kama anakubali volume na folio zitolewe, kama yuko tayari kusikia bei nyingine, kama atakubali kulipwa kwa awamu. Bei yake ya mwisho, ile aliyokunong'oneza, hiyo ibaki tumboni mwako. Ukimwambia baba "mzee anaweza kufika 45", umemla aliyekuamini, na baba naye atajiuliza kesho utamla nani.

Sasa andika. Mimi ningeandika hivi:

"Jambo sana Papa, jambo Mama. Aksanti kwa kufika Jumamosi. Mlisema mambo mawili, bei na umbali. Nimeyafuatilia yote mawili.

Bei. Mwenye nyumba anataka 48,000. Ile ya 40,000 mliyoiona haina ukuta wala foraji. Nimeomba proforma za kazi hizo kwa lupango lile: 5,800. Ninazo, nitawaonyesha. Inabaki tofauti ya 2,200. Hii ina sertifika ya 2014 kwa jina la muuzaji; ile ina karatasi ya komini. Mkiwa na bei yenu, mniandikie, nitaifikisha kwa mwenye nyumba siku hiyohiyo.

Umbali. Jumatatu nilitoka langoni 6:30, nikafika Posta 7:20, bisi mbili. Siku ya mvua itazidi, sijaipima. Majirani wawili wanasema foraji haikukauka Oktoba iliyopita. Kuran ya SNEL iko, ila jioni inapungua nguvu.

Kama mnapenda, turudi Alhamisi giza likianza kuingia, muone taa na maji wenyewe. Ziara hiyo hailipwi. Ijumaa asubuhi tunaweza kwenda kwa konservateri na namba ya volume na folio. Na kama mmekwisha kuona haiwafai, mniambie tu, nitatafuta kwingine."

Utaona nimemwacha aandike bei yake mwenyewe. Mnunuzi aliyeandika namba, hata ndogo, amekwisha kuingia sebuleni. Utaona pia "sijaipima", na kuran inayopungua. Binti aliniuliza: "Yaya, kwa nini nimwambie ubaya?" Kwa sababu Alhamisi ataiona taa ya chungwa kwa macho yake. Akiwa amekwisha kuisoma kwako, atasema komisionere huyu ni mkweli. Akiigundua peke yake, atarudi kutilia shaka hata ile sertifika.

Na ziara ya pili usiitoze. Ninajua mafuta yana bei na ninajua ada ya ziara ndiyo inayokulisha wiki ambazo hujauza kitu. Lakini mtu anayeombwa alipe tena ili ahakikishe ulichosema anasikia kwamba biashara yako ni ziara, si nyumba.

Pengine atajibu: "Ninayo 30,000 sasa, nyingine baada ya miezi sita." Hapo usikimbilie kupokea makuta kwa furaha. Awamu si mbaya, nyumba nyingi hapa zinauzwa hivyo, ila kila awamu ifungwe kwenye tendo linaloonekana: hakuna hata dola moja kabla ya kusoma vitabu vya konservateri, sehemu ya kwanza ilipwe benki siku ya kutia saini mbele ya notere, sehemu ya mwisho siku ya kubadili jina kwenye sertifika. Na siku ya saini mke wa muuzaji awepo. Kanuni ya Familia ya 1987, iliyorekebishwa 2016, inataka mume na mke wote wakubali nyumba inapouzwa. Kama mwenye nyumba ni marehemu na wanaouza ni watoto, basi wote wanaorithi, pamoja na yule wa Kolwezi asiyepokea simu. Asilimia yako nayo isemwe siku hiyo wazi, nani anailipa, isije ikatokea mlangoni mwa benki kama mgeni asiyealikwa.

Asipojibu, ngoja wiki moja, kisha andika mara moja tu, na uwe na kitu kipya cha kusema: mvua ya kwanza imenyesha nimekwenda kuiona njia, au mwenye nyumba amepokea bei nyingine. Huna kipya, usiandike. "Papa habari ya kimya" haiuzi nyumba.

Na akijibu kwamba hapana, mwulize swali moja kwa heshima: kilichowarudisha ni bei au ni umbali? Jibu lake mpelekee mwenye nyumba kama lilivyo. Wanunuzi watatu wakisema umbali, bei yake ya 48,000 ndiyo inayohitaji kuandikwa upya, si ujumbe wako.